Noti tano si saba zilizopunguzwa

Dhana iliyozoeleka zaidi: skeli ya pentatoniki, yaani ngazi ya muziki yenye noti tano, ni do re mi ya kawaida iliyoondolewa fa na ti.

Ukweli ni kwamba noti hizo tano zinapatikana zenyewe, bila kupitia saba. Wachina wa kale waliandika njia yake. Chukua uzi wa sentimita 81. Punguza theluthi, unapata 54. Ongeza theluthi ya huo, unapata 72. Punguza tena, 48. Ongeza tena, 64. Kila noti mpya inapatana vizuri na iliyoizaa, kwa kuwa urefu wao unahusiana kwa 3:2 au 4:3. Sasa zipange: 81, 72, 64, 54, 48, kisha 40.5, yaani nusu ya uzi, ambapo oktavu inaanza upya. Hizo ndizo do, re, mi, so, la.

Kwa nini kuishia hapo? Jaribu noti ya sita: 64 ukipunguza theluthi ni karibu 42.7, na noti hiyo, ti, inabanana na 40.5. Kati ya noti za mwanzo, uzi ulifupika kila mara kwa sehemu moja ya tisa au zaidi. Hapa ni kama moja ya ishirini tu. Hiyo ni nusu toni, na noti mbili za namna hiyo zikipigwa pamoja zinakwaruzana. Tano ndiyo idadi kubwa kabisa unayoweza kufikia kwa njia hii kabla mkwaruzo haujaingia. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzuri wote wa jambo hili.

Wengine husema skeli hii ilizuka mahali pamoja ikasambazwa. Lakini imo katika nyimbo za Waskoti, za watu wa milima ya Andes na za Wachina, na uhusiano wa 3:2 umo ndani ya uzi wenyewe: ukitetemeka hutoa pia sauti ndogo za juu, na uhusiano huo umo kati ya zile za mwanzo kabisa. Yeyote mwenye uzi anaweza kuugundua. Hata hivyo haumlazimishi mtu. Zipo jamii nyingi ambazo nyimbo zao zina noti saba.

Kosa la mwisho ni kudhani pentatoniki zote ni moja. Piga vibonye vyeusi vya piano, unapata ile ya uzi wetu. Kisha piga vyeupe hivi: mi, fa, la, ti, do. Ni noti tano pia, ila zina nusu toni mbili, na utasikia mara moja ladha ya Japani. Slendro, skeli ya noti tano ya Kisiwa cha Java, nayo inaigawa oktavu katika nafasi tano zinazokaribiana kwa ukubwa, na kila seti ya gamelani, yaani kundi la ala za huko, nyingi zikiwa za kugonga, hutyuniwa kivyake, hivyo ala ya seti moja kwa kawaida haiwezi kupigwa pamoja na nyingine.