Oksimita Inasoma 97, Pumzi Inakwisha

Msimu wa korosho uliopita tulimpokea hapa Mtwara mkulima wa miaka 45 kutoka Newala, kilo 60. Wiki mbili nyuma alikuwa ameharisha. Sasa miguu ilikuwa imelegea kwa siku tatu na udhaifu ulishapanda hadi mikononi. Ilikuwa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu. Ndugu zake walikuwa wametulia, maana oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu, ilisoma asilimia 97.

Mimi namba hiyo haikunituliza. Mapafu yake yalikuwa mazima. Kilichokuwa kinachoka ni misuli inayoyapanua, hasa kiwambo, ule msuli mpana chini ya mbavu. Ni kama mvukuto wa mhunzi: ngozi haijatoboka, ila mkono unaousukuma umeishiwa nguvu. Mgonjwa hufidia kwa kupumua harakaharaka na juujuu, hivyo oksijeni yake haishuki mpaka hali imeshakuwa mbaya. Ukimwekea oksijeni ndiyo kabisa: namba inapendeza huku kabonidaioksaidi inazidi kujaa kwenye damu.

Kwa hiyo tunampima pumzi yenyewe. Muuguzi alimwambia, "Baba, vuta hewa mpaka mwisho, halafu hesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine." Saa nne asubuhi alifika 28. Mtu mzima mwenye afya hufika 40 au zaidi. Mgonjwa akiishia chini ya 20, daktari aitwe. Kisha tukampa spirometa, apulize hewa yote aliyoivuta. Alitoa lita 2.4, wakati mtu wa uzito wake hutoa kama lita 4.

Tulirudia kila baada ya saa chache, maana kipimo kimoja hakikwambii anaelekea wapi. Saa kumi jioni alitoa lita 1.6. Theluthi nzima ilikuwa imepotea kwa saa sita, akahamishiwa chumba cha uangalizi maalumu. Mstari wa hatari ni mililita 20 kwa kila kilo, yaani kwake lita 1.2.

Tahadhari moja: uso ukilegea, midomo haibani mrija, hewa inavuja na namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Hapo tunatumia barakoa, na tunamtazama mgonjwa mwenyewe. Jioni ile hakuweza kuinua kichwa kwenye mto. Misuli ya shingo mara nyingi hudhoofu sambamba na kiwambo. Alivunja sentensi kila baada ya maneno mawili, kikohozi kilikuwa kama cha kujilazimisha, na akivuta hewa tumbo lilibonyea ndani badala ya kupanda. Ndugu aliyekaa kando ya kitanda anaweza kuyaona haya kabla yetu, na asingoje daktari apite wodini.

Saa tano usiku alihesabu hadi 12, spirometa ikaonyesha lita 1.1. Tulimwekea mrija wa mashine ya kupumulia bila papara, akiwa bado anatuitikia kwa kichwa. Oksimita ilisoma 96.