Nakubīda īwi mūghu: dhana potofu kuhusu kuhamisha tenzi za hati ya Kiarabu kwenda herufi za Kilatini

Dhana: Wanakili wa zamani walikosea tahajia, kwa hiyo kazi yetu ni kusahihisha kimyakimya.

Ukweli: walifuata desturi. Hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu, hivyo kasra moja hubeba *i* na *e*, na dhuma hubeba *u* na *o*. Wengi waliandika *p* kwa ب, wakaacha *n* inayotangulia *d*, na *ng* wakaipa غ. Msomaji aliyeujua utenzi kwa moyo hakupotea.

Tujitungie kipande cha mizani nane, «Nakupenda ewe Mungu», kisha tukiandike kwa mtindo huo:

نَكُبِيدَ إِيوِ مُوغُ

Mstari wa kwanza wa nakala yako uwe wa herufi kwa herufi: *nakubīda īwi mūghu*. Chini yake ndipo uandike usomaji wako: *Nakupenda ewe Mungu*. Ukitoa wa pili peke yake, msomaji hatajua kwamba *p*, *n* na *e* zimetoka kwako. Umbo hilohilo la *nakubīda* lingeweza kusomwa *nakupinda*. Hapa maana inaamua, lakini kuna beti ambazo haziamui, na huko msomaji ana haki ya kubishana nawe.

Dhana: Ya, wau na alifu za katikati ni irabu ndefu, ziandikwe mara mbili.

Hili ndilo linaloharibu nakala nyingi. Mara nyingi herufi hizo zinaonyesha tu silabi inayokazwa, ile ya pili kutoka mwisho. Hesabu mizani utaona: *na-ku-bi-i-da i-i-wi mu-u-ghu* ni kumi na moja, na utenzi unataka nane. Ndiyo maana natumia kistari juu ya irabu: alama ya mwandishi inabaki, mizani haiongezeki. Ila usiifanye kanuni ya kufumba macho, kwani neno kama *kaa* lina mizani mbili kweli.

Dhana: Neno lisilo la Kiswahili sanifu limeandikwa vibaya.

Nakala nyingi zimetoka Lamu. Muhamadi Kijuma, mwandishi wa huko, aliwanakilia watafiti wa Kiswahili Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Ukikuta مَاتُ katika nakala ya Lamu, mwandishi hakukosea herufi ya *ch*: ni *mato*, Kiamu cha «macho». Ukigeuza kuwa *macho*, tazama vina vya ubeti. Kama vipande vingine vinaishia na *kito* na *mto*, kina kimevunjika, na aliyekivunja ni wewe. Andika *mātu* katika mstari wa herufi kwa herufi na *mato* katika usomaji wako, maana ya Kiswahili sanifu iende kwenye tanbihi.