Ujumbe usiosomeka: kukisia au kuuliza?

Dukani kwetu Marikiti, tunakouza nafaka na viungo, oda nyingi siku hizi huja kwa WhatsApp. Asubuhi moja uliingia ujumbe huu:

```
hjkkl 10 bdj
```

Namba ilikuwa ya mama mmoja wa Likoni, mteja wetu wa kila mwisho wa mwezi. Binamu yangu hakusita. Mama huyu huchukua mchele kilo 10, basi hiyo 10 ni ileile. Akapima, akafunga, akampa kijana avuke nao ferini. Mama alipopigiwa simu aje apokee, akashangaa: "Mimi sijaagiza kitu, mwanangu. Ni mjukuu huyo, alikuwa achezea simu."

Tazama zile herufi. H, j, k na l zimepangana safu moja kwenye kibodi, kwa hiyo ni kidole kilichoteleza tu. Tena hamna irabu hata moja, na neno la Kiswahili karibu kila mara huishia na irabu. Ujumbe haukubeba kitu. Ule mchele ulitoka kwenye daftari la mwezi uliopita, na kisio likaonekana la busara kwa sababu lilifanana na mazoea. Ungekuja "qqww 10", binamu angepima mchele uleule. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi: kama ujumbe mwingine wowote wa ovyo ungekupa jibu lilelile, basi hukusoma, umekumbuka tu.

"Nazo 20" ni jambo jingine. O iko jirani na i, nazi tunauza, na hakuna neno jingine dukani linalokaribia hapo. Tena tukikosea, nazi zinarudi mahali pake. Kumuuliza mtu hapo ni kumsumbua bure.

Kati ya hizo mbili kuna "pilipili 2". Hii inaeleweka, ila nusu. Manga au ya unga? Kilo au pakiti? Swali la kuchagua linafaa hapa, maana mteja anajua anachotaka na wewe umebakiwa na njia mbili tatu tu.

Lakini kwa ule ujumbe wa mjukuu, swali la kuchagua lingeharibu. Ukimwandikia mama "Ni mchele kilo 10?", naye yuko jikoni, mkono una unga, atajibu "eeh" bila kusoma vizuri. Hapo kisio lako limepata idhini, na lawama umemhamishia yeye. Afadhali kumwachia nafasi wazi: "Shikamoo mama. Ujumbe wako haukusomeka. Ulikuwa wahitaji kitu?" Hilo "kitu" nimeliweka makusudi, ili "la" nayo iwe jibu jepesi.

Na asipojibu, mchele unakaa guniani.