-Ana si wingi wa -ji-

Nimeletewa tena habari inayosema wanakijiji "wamejisaidia kujenga darasa". Nikaibadilisha iwe "wamesaidiana", na mwandishi akanirudishia hoja ninayoisikia kila mara hapa dawatini: mtu akiwa mmoja tumia ji, wakiwa wengi ji na ana ni mamoja, chagua inayokaa vizuri masikioni. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa. (Kuhusu kujisaidia sina la kueleza. Kila aliyewahi kusafiri kwa basi la masafa marefu anajua wanakijiji hao walifanya nini kwenye eneo la ujenzi.)

Chukua sentensi mbili. "Baraka na Hamisi walijikata mapanga." "Baraka na Hamisi walikatana mapanga." Watu ni wale wale, mapanga yale yale, na huenda hata majeraha ni yale yale. Lakini uliza kidonda cha Hamisi kimetokana na mkono wa nani. Katika sentensi ya kwanza ni mkono wa Hamisi mwenyewe, na hakuna mtu wa kumshitaki kwa kumdhuru mwenzake. Katika ya pili ni mkono wa Baraka, na polisi wana kazi. Wingi haujabadilisha lolote. Mwenye kuona ji na ana ni mamoja hapa ameifuta kesi nzima kwa silabi.

Ukibaki na shaka, mtoe mtu mmoja kwenye sentensi. "Baraka alijikata" inasimama yenyewe. "Baraka alikatana" inaning'inia, msomaji anasubiri "na Hamisi". Kauli ya kutendana haikubali upweke: ama mtenda awe wa wingi, ama aletewe mwenzake kwa "na".

Sababu iko kwenye muundo wa kitenzi, nami nitaipitia haraka. Ji hukaa mahali pa kiambishi cha mtendwa, mbele ya mzizi, pale pale anapokaa m wa "anampenda". Ndiyo maana ukiamrisha, "tunza" inageuka "mtunze" na inageuka "jitunze", kwa e ile ile. Ji haiondoi mtendwa. Inasema tu kwamba mtendwa ndiye mtenda. Ana hukaa nyuma ya mzizi na kummeza mtendwa, ndiyo maana hakuna "wanampendana". Kiti cha mtendwa ni kimoja, na ana imeshakiuza. Kwa hiyo "tujipendane", inayopendwa sana kwenye mabango ya harusi na ya mikutano, imejaribu kujibu swali moja mara mbili. Ama tujipende, ama tupendane.

Hapo walimu wengi hufunga mjadala kwa kusema ji na ana kamwe hazikai kwenye kitenzi kimoja. Si kweli. "Anajilinganisha na wenzake" ina zote mbili, na ni Kiswahili safi. Lingana imeongezwa -ish- ikawa linganisha, na linganisha inahitaji kitu kipya cha kulinganishwa, kwa hiyo kiti kikafunguka upya na ji ikakaa. Vivyo hivyo "kujitenganisha", na "kujipigania", ambapo -i- ya kutendea ndiyo imefanya kazi hiyo. Kinachokatazwa ni ana kuwa ya mwisho kisha ji ije kudai nafasi ambayo haipo.

Sasa kinachonikera hasa. Waandishi wanaokosea ji huwa wanachekesha; wanaokosea ana wanadhuru watu. "Alipigana na mkewe hadi akalazwa." Unasoma habari hadi mwisho, hakuna mahali ambapo mke alirusha hata kofi. Mume alimpiga mkewe. Lakini pigana imeshasema kwamba mapigo yalikwenda na kurudi, na msomaji ameondoka na ugomvi wa watu wawili. Nikiuliza, naambiwa "hatujui nani alianza, kwa hiyo tumeweka neno lisiloegemea upande". Limeegemea! Pigana haisemi nani alianza, hilo kweli, ila inathibitisha kwamba wote wawili walipiga, na hilo hukulijua. Kama unachojua ni kwamba mwanamke yuko wodini na majirani walisikia kelele, andika hayo. Majirani walisikia ugomvi, mwanamke amelazwa akiwa na majeraha, polisi wanamshikilia mume. Hakuna mahali pa ana hapo.

Ajali ni hivyo hivyo. "Basi limegongana na lori lililokuwa limeegeshwa." Lori lililoegeshwa halikumgonga mtu. Basi limeligonga lori. Tofauti hiyo ndiyo dereva wa lori atakayoing'ang'ania.

Hapa, lakini, nina shaka ambayo vitabu haviigusi. Kiswahili chenyewe kinatumia ana na "na" kwa mambo ya upande mmoja bila aibu. "Ameachana na pombe." Pombe haikumwacha mtu. "Tulikutana na matatizo." Matatizo hayakuwa yakitutafuta, au labda yalikuwa. Kama hizo zinapita, lori langu lililoegeshwa linakosa nini? Kisarufi sina jibu lenye nguvu. Nimeamua tu kwamba pombe haina dereva atakayefikishwa mahakamani, na kwenye habari za ajali naendelea kukata. Wenzangu wengine dawatini wanaiacha, na siwezi kusema wamevunja kanuni.

Hata maelezo ya kawaida, kwamba kutendana ni kila mmoja kumtenda mwenzake, hayatoshi. Watu kumi wakifuatana kwenye njia nyembamba, wanaofuata mtu ni tisa. Wa mbele hamfuati yeyote. Hakuna anayelalamika kwamba "walifuatana" ni uongo. Nadhani ana inadai tendo liwe ndani ya kundi hilo na lisitoke nje, halafu maana ya kitenzi ndiyo inayoamua kama ni lazima lirudi. Piga inadai lirudi. Fuata haidai. Hilo ni dhana yangu, si sheria.

Ji nayo ina tabia zake kwenye wingi. "Wanajiita ndugu" na "wanaitana ndugu" zinasikika jirani, lakini ya kwanza ina harufu ya madai: wao ndio wanaosema hivyo, sisi hatujakubali. Ya pili ni jinsi wanavyosalimiana nyumbani. Na katika "kundi la vijana wanaojiita" jina fulani, je, kila kijana anajiita yeye, au wote wanaliita kundi? Wote wanaliita kundi, bila shaka. Basi mtenda na mtendwa si mtu yule yule mmoja mmoja, ni kundi kwa kundi, na ule ufafanuzi wa darasani kwamba mtu anajitenda mwenyewe unaanza kupwaya. "Wanachama wamejichagulia mwenyekiti" ni hivyo hivyo: mwenyekiti mmoja, wa wote.

La mwisho ni "walitukana", linaloletwa kwangu kana kwamba limeshatendanishwa. Ile ana ni ya mzizi, imezaliwa nayo. Waliotukana wametoa matusi, basi. Kama yalikwenda na kurudi, andika "walitukanana", hata ulimi ukikwama.