Barua ya mauzo kwa mnunuzi wa Arusha: kwa nini tafsiri yake hunuka utapeli

"Kiwanda chetu cha madaftari kiko Nairobi, na barua pepe yetu ya Kiingereza ya kutafuta wanunuzi inasomeka vizuri. Tukiitafsiri kwa Kiswahili tuwatumie wenye maduka ya jumla kule Arusha, inasikika kama ya tapeli. Kwa nini, na tuitafsiri vipi?"

Kwa sababu msomaji wa Tanzania ameshafundishwa na simu yake kuogopa mtu asiyemjua anayemwamrisha. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umezunguka huko hadi ukawa mzaha. Hauna salamu, hauna jina la mtu, na unataka jambo lifanywe sasa hivi. Barua ya mauzo ya Kiingereza ikihamishwa neno kwa neno huja na dalili zizo hizo:

"Mpendwa Mteja, je, uko tayari kukuza biashara yako? Sisi ni watengenezaji wanaoongoza wa madaftari ya kiwango cha dunia kwa bei zisizoshindika. Usikose fursa hii! Wasiliana nasi leo."

Huyo bado si mteja, na "mpendwa" ni neno la kanisani au la familia. Swali la kwanza linamdokeza kwamba biashara yake imedumaa. Kisha zinafuata sifa tatu ambazo hakuna hata moja anayoweza kuikagua, na amri mbili. Mfanyabiashara wa jumla anafuta barua hiyo kabla hajajua kama madaftari yenyewe ni ya mistari au ya mraba.

Kwa hiyo kazi ya mtafsiri huanza kabla ya kutafsiri. Pigia mstari kila neno la sifa katika barua ya Kiingereza, kisha mrudie mwenye kiwanda umuulize ni kitu gani kilichomfanya aliandike. "Ubora wa juu" maana yake nini? Akijibu kwamba karatasi ni ya gramu 60 kwa mita ya mraba na wino hauvuji upande wa pili, basi hayo ndiyo ya kuandika. Asipokuwa na jibu, sifa hiyo iondoke. Kuna wenye viwanda watakaolalamika kwamba barua imefupishwa, na hapo mtafsiri inabidi ashikilie msimamo, kwa sababu katika Kiswahili cha biashara sifa isiyo na kipimo humpunguzia muuzaji heshima.

Baada ya hapo, bei. Hapa ndipo barua nyingi za kutoka Nairobi huharibika bila mtu kugundua. Tuseme katoni ya madaftari 120 ni shilingi 3,600 za Kenya. Ukiandika "Sh 3,600" tu, msomaji wa Arusha anasoma shilingi zake, na kwake hiyo ni shilingi 30 kwa daftari, bei ambayo haiwezekani. Hatauliza, atajua tu kwamba anadanganywa. Taja shilingi za nchi gani, na useme bei hiyo inaufikisha mzigo wapi: kiwandani, Namanga, au mlangoni pa duka lake. Bei isiyo na mahali ni nusu ya bei, na mnunuzi mzoefu huhesabu kwamba ile nusu iliyofichwa ndiyo itakayomuumiza.

Msamiati nao uwe wa upande wa pili wa mpaka. Nairobi mtu atasema "vitabu vya kuandikia" akaeleweka, lakini Arusha ni madaftari, na yale makubwa yenye jalada gumu ni kaunta buku. Kichwa cha barua rasmi huku kwetu hutanguliwa na KUH:, kule ni YAH:. Salamu ya "Ndugu" inamfaa mtu yeyote wa ofisini Tanzania. "Peana" ya Nairobi ibaki Nairobi, andika "toa". Tofauti hizi ni ndogo, lakini zinaonyesha kwamba barua imeandikwa kwa ajili ya duka hilo, haikumwagwa kwa watu mia mbili.

Kinachobaki ni namna ya kumsemesha. Amri igeuzwe iwe taarifa au ombi, na "wewe" iwe "ninyi", kwa kuwa unaandikia duka. Badala ya "agiza leo", sema unachoweza kufanya wao wakitaka. Ila usiteleze upande wa pili. Barua yenye "tafadhali" nne na "tunawaomba sana mtusaidie" inamfanya mwenye kiwanda aonekane amekwama na mali, na mnunuzi ataanza kushusha bei kabla hajaona sampuli. "Naomba" moja, mwishoni, inatosha.

Barua ile ile ikipita njia hiyo hutoka hivi:

"YAH: Madaftari ya kurasa 96 kutoka Nairobi, bei ya jumla

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Naitwa (jina kamili), nasimamia mauzo katika kiwanda kidogo cha madaftari kilichopo Eneo la Viwanda, Nairobi. Nawaandikia kwa kuwa duka lenu linauza vifaa vya shule kwa jumla.

Tunatengeneza madaftari ya mistari ya kurasa 96, karatasi ya gramu 60. Katoni ina madaftari 120, na bei yake ni shilingi 3,600 za Kenya mzigo ukifikishwa Namanga, upande wa Kenya. Cheti cha asili ya bidhaa kutoka KRA tunakishughulikia sisi. Wakala wa forodha na kodi za upande wa Tanzania ni juu ya mnunuzi. Oda ya kuanzia ni katoni 20.

Mkipenda kuyaona kwanza, tutatuma sampuli tano kwa basi la Arusha kwa gharama yetu. Naomba kujua kama mnanunua madaftari ya aina hii, au kama kuna mwenzenu wa manunuzi ambaye ningepaswa kumwandikia."

Tazama sentensi ya cheti. Bidhaa iliyotimiza masharti ya asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikivuka kwenda nchi mwanachama, na cheti ndicho kinachothibitisha hilo. Kwa mnunuzi, maneno hayo machache yana uzito kuliko aya nzima ya kujisifu, maana yanamwambia gharama gani haimhusu na ipi ni yake. Lakini yaandikwe tu kama mwenye kiwanda amethibitisha na KRA kwamba daftari lake linastahili. Mtafsiri asiyaongeze kwa sababu yanapendeza.

Tarehe ya mwisho ikiwapo kwenye barua ya Kiingereza, iambatane na sababu. "Ofa inaisha Ijumaa" haimshtui mtu. "Bei hii ni ya karatasi iliyopo ghalani sasa, hadi 30 Novemba" inaeleweka, hasa kwa muuzaji anayejiandaa kwa shule zinazofunguliwa Januari. Kama sababu haipo, ifute.

Chini ya jina weka cheo, namba ya simu inayoanza na +254, na mahali kiwanda kilipo, na barua itoke kwenye anwani ya kampuni. Usiambatanishe faili lolote mara ya kwanza, kwani watu hawafungui faili la mgeni. Picha na ankara ya profoma zisubiri waombe.

Kabla ya kutuma, mpe Mtanzania aisome mara moja tu, kisha mfichie na umuulize: wanauza nini, bei inaishia wapi, na wanataka nini kwangu? Akikwama kwenye la pili, rekebisha aya ya bei. Na hakikisha anayepokea ile namba ya +254 anaweza kuzungumza bei, katoni na mpaka kwa Kiswahili, kwa sababu mnunuzi aliyeandikiwa hivyo mara nyingi hajibu kwa barua, anapiga simu.