Saini Bila Kusoma

"Nilitia saini bila kusoma, kwa hiyo kile kifungu cha kuondoa dhima hakinibani, sivyo?"

Kinakubana, na dhana hii huzaliwa kwa kuchanganya hati iliyosainiwa na isiyosainiwa. Kwa tiketi au bango la ukutani, anayetegemea kifungu lazima athibitishe kwamba alichukua hatua za kutosha kumjulisha mwenzake kabla mkataba haujafungwa. Saini huliondoa swali hilo.

Mwaka 1933 Bi L'Estrange, mwenye mkahawa mjini Llandudno, Wales, aliagiza mashine ya kuuzia sigara kutoka kampuni ya Graucob, akasaini fomu ya karatasi ya kahawia yenye maandishi madogo mno. Mashine ilikwama. Alipodai haki yake, kampuni ilionyesha kifungu kilichofuta dhamana zote, za wazi na zisizotamkwa, na mwaka 1934 mahakama ikaamua kwamba, pasipo ulaghai wala maelezo ya uongo, kusoma au kutosoma hakubadilishi kitu. Naiona hukumu kali, hasa kwa maandishi yale, ingawa tangu 1977 sheria ya Uingereza imevipunguzia nguvu vifungu vya aina hii.

Kinachookoa ni maelezo yaliyotolewa kabla ya kusaini. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1951, Bi Curtis aliuliza dukani kwa dobi kwa nini asaini risiti. Akaambiwa kwamba inahusu shanga na urembo wa gauni tu, kumbe iliondoa dhima yote. Gauni liliporudi na doa, kampuni haikuruhusiwa kujikinga na kifungu hicho.