Thamani ya malipo na uwezekano wa mvua

"Thamani ya malipo ya kesho ni wastani wake tu, kwa kadiri ya uwezekano wa kila hali."

Dai hilo, linalosikika mara nyingi, linakosea. Tuseme msimu mmoja Dodoma una hali mbili: mvua, asilimia 70, na ukame, 30. Hatifungani ya kulipa 1,000 kwa vyovyote inauzwa 900. Hisa ya shamba la alizeti inauzwa 1,020. Mvua ikinyesha inalipa 1,400, ukame ukija 800.

Sasa kuna mkataba unaolipa 200 kwenye mvua na 800 kwenye ukame. Wastani wake ni 380. Lakini ukiushika pamoja na hisa moja, unapata 1,600 katika hali zote mbili. Hiyo 1,600 ya uhakika, kwa bei ya hatifungani, leo ni 1,440. Toa 1,020 ya hisa, mkataba unabaki 420.

Bei hizo zinabeba ndani yake hati za mwanauchumi Kenneth Arrow, kila moja ikilipa shilingi moja katika hali moja tu: shilingi inayolipwa kwenye mvua pekee ni 0.50 leo, ya ukame pekee 0.40. Ukame una uwezekano mdogo, ila shilingi inayokuja ghala likiwa tupu hugombewa. Jikagulie mwenyewe: 1,400 × 0.50 + 800 × 0.40 = 1,020. Hisa isiponunulika na kuuzika kwa uhuru, hesabu hii haikubani.